Shilingi 24,000 za mchele na maharage: mlaji anafikaje kwenye kikapu chake?

Mama Neema, wa mfano wetu, hutenga shilingi 24,000 kila wiki kwa mchele na maharage. Kilo ya mchele ni shilingi 3,000 na ya maharage ni 2,000. Bei hizi nimezipanga ziwe nyepesi kukokotoa; wewe weka za sokoni kwenu. Kila Jumamosi anarudi na kilo 4 za mchele na kilo 6 za maharage. Hajawahi kuchora grafu na wala haihitaji. Sisi tunaochambua bei ndio tunaoihitaji, kwa sababu mchele ukipanda tunaulizwa aongezewe kiasi gani ili hali yake isiharibike, na jibu linalokuja haraka kichwani lina kasoro.

Chukua karatasi ya miraba. Mchele uwe kwenye mhimili mlalo, maharage kwenye mhimili wima. Fedha zote zikiishia kwenye mchele atapata kilo 8. Zikiishia kwenye maharage atapata kilo 12. Tia nukta hizo mbili, ziunganishe kwa rula, na huo ndio mstari wa bajeti. M ikiwa kilo za mchele na H kilo za maharage, mstari unaandikwa hivi:

```
3000M + 2000H = 24000
```

Akinunua kikapu kilicho chini ya mstari, chenji inabaki. Kikapu kilicho juu yake ni mpaka akope dukani. Cha kuangalia zaidi ni mteremko: kila kilo ya mchele anayoongeza inamnyima kilo moja na nusu ya maharage. Kiwango hicho kinapangwa na soko, apende asipende. Kipato kikipanda, mstari mzima unasogea nje ukiwa sambamba na ule wa zamani. Bei ya mchele ikipanda peke yake, ncha ya maharage inabaki kwenye 12 na ile ya mchele inarudi ndani.

Mpaka hapo tumejua anachokimudu, lakini hatujajua anachokipenda. Ili tukijue, tunamuuliza swali ambalo mwanzoni huchekesha watu.

"Mama, una mchele kilo 4 na maharage kilo 6. Nikichukua kilo moja ya mchele, nikupe maharage kiasi gani usinung'unike?"

"Mbili."

"Nikichukua na ya pili?"

"Hapo unanigusia wali wa Jumapili. Nipe nne nyingine."

Tukienda upande wa pili, akiongezewa kilo 2 za mchele yuko radhi kuachia kilo 2 za maharage. Akiongezewa 2 nyingine, anaachia moja tu. Maharage nayo yameanza kuadimika jikoni. Vikapu vyote hivyo kwake ni sawa. Ukiviwekea nukta kwenye karatasi na kuziunganisha, unapata mkunjo unaoinama kuelekea kona ya chini kushoto. Tuuite mkunjo wa ridhaa sawa. Umejipinda kwa sababu hiyo hiyo aliyoisema mwenyewe: kitu kinavyopungua ndivyo anavyodai zaidi ili akiachie.

Sasa vipigie bei vikapu hivyo vitano:

| Mchele (kilo) | Maharage (kilo) | Gharama (shilingi) |
|---|---|---|
| 2 | 12 | 30,000 |
| 3 | 8 | 25,000 |
| 4 | 6 | 24,000 |
| 6 | 4 | 26,000 |
| 8 | 3 | 30,000 |

Vyote vinamridhisha sawasawa, ila kimoja tu ndicho kinachoingia kwenye 24,000. Kwenye karatasi utaona mkunjo unaugusa mstari wa bajeti mahali pamoja bila kuukata, kwenye 4 na 6. Kila kiwango cha ridhaa kina mkunjo wake: mikunjo iliyo juu zaidi ingempa ridhaa kubwa lakini haifikiki. Iliyo chini inafikika, ila kuishia huko ni kupoteza.

Pale panapogusana, kiwango anachokubali yeye na kiwango kinachodaiwa na soko vinalingana. Tuseme wiki moja amerudi na kilo 2 za mchele na 9 za maharage. Fedha zimetosha vilevile. Lakini akiwa hapo, mchele ni haba kiasi kwamba angekubali kuachia kilo 3 za maharage apate kilo moja zaidi, na soko linamdai moja na nusu tu. Basi atahamia kwenye mchele, na ataendelea kuhama mpaka faida hiyo iishe.

Wanaojifunza somo hili huteleza sehemu moja. Wakiona fedha zimegawanyika 12,000 kwa 12,000 wanadhani kanuni ni kugawa nusu kwa nusu. Sivyo, imetokea hivyo kwa sababu ya ladha ya mama huyu. Jirani yake asiyeweza kula maharage ataishia kwenye ncha ya mstari na kilo 8 za mchele, na kwake hakuna kugusana wala kulingana kwa viwango. Ukilazimisha kanuni kwake utapata jibu la uongo.

Turudi kwenye lile swali la nyongeza. Mchele umepanda hadi 4,000. Akibaki na 24,000 zake, mtu mwenye ladha hii ataishia kwenye kilo 3 za mchele na 6 za maharage, mkunjo wa chini kuliko wa awali. Jibu la haraka ni hili: kikapu chake cha kilo 4 na 6 sasa ni 28,000, basi aongezewe 4,000.

Mpe, kisha mfuate sokoni. Hatanunua kikapu kile kile. Kilo ya mchele sasa inamnyima kilo 2 za maharage badala ya moja na nusu, kwa hiyo anapunguza mchele kidogo: kilo 3 na nusu, na maharage kilo 7. Hesabu inatimia, 14,000 kwa 14,000. Kikapu hicho kiko juu kidogo ya mkunjo wake wa zamani. Kwa maneno mengine, tumemfidia kupita kiasi. Kumrudisha kwenye mkunjo ule ule kungetaka karibu 27,700, yaani nyongeza ya kama 3,700.

Shilingi 300 ni ndogo, lakini chanzo chake ndicho kilichomo kwenye fahirisi ya bei za mlaji, kipimo cha jinsi bei za vitu wanavyonunua watu zinavyobadilika. Fahirisi inayopima kikapu kisichobadilika inamchukulia mlaji kana kwamba hahami kutoka kilichopanda kwenda kilichobaki nafuu, na hivyo huelekea kukuza kidogo gharama za maisha. Ndiyo maana vikapu hivyo huhuishwa kila baada ya muda.

Ila usiichukue hoja hii kama kisu cha kukatia posho za watu. Inasimama pale tu penye kitu cha kuhamia. Chukua mama lishe anayeuza wali maharage kwa kipimo kimoja kila sahani: hawezi kuongeza maharage ili afidie mchele, mteja atarudisha sahani. Mkunjo wake una umbo la pembe, na mstari wa bajeti hata uzunguke vipi utaugusa kwenye pembe ile ile. Mchele wake ukipanda shilingi 1,000 kwa kilo na yeye hupika kilo 4, anachokosa ni 4,000 kamili.