Rasimu ya wakili ikirudi: alama zipi zibaki, viputo vipi vifutwe

Mkataba ulikuwa wa kurasa 23, wa kupangisha duka la vitambaa katikati ya jiji la Nairobi. Aliyeuandika ni wakili wa mwenye jengo. Mimi kazi yangu ni kusahihisha: tahajia, nambari za vifungu, majina yanayobadilika njiani, tarehe zisizopatana. Wakili alitaka rasimu irudi mezani kwake Alhamisi, na jioni hiyohiyo aipeleke kwa wakili wa mpangaji.

Hapo penye "aipeleke" ndipo pana kazi. Faili ya Word ninayomrudishia ina mambo mawili ambayo msomaji wa nje hapaswi kuyaona: mabadiliko yaliyofuatiliwa, na viputo vya maoni vilivyo pembeni. Vyote viwili ni mazungumzo yangu na mwandishi.

Kifungu cha 2 kilisema muda wa pango ni miaka 5 na miezi 3. Jedwali la Kwanza, kule nyuma, likasema miaka 5. Msahihishaji mwenye haraka angeongeza "na miezi 3" kwenye jedwali na kuendelea, kwa kuwa kifungu ndicho mwili wa mkataba. Lakini jedwali lilikuwa na tarehe pia: kuanzia 1 Machi 2025 hadi 28 Februari 2030. Hiyo ni miaka 5 kamili. Kwa hiyo tarehe ziliunga mkono jedwali, na kifungu kikabaki peke yake.

Anayeandika mikataba ya maduka Kenya anajua kwamba hiyo miezi 3 haikuwekwa kama pambo. Chini ya Sura ya 301, sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, pango lililoandikwa la muda usiozidi miaka 5 huwa chini ya ulinzi maalumu. Mwenye jengo hawezi kumtoa mpangaji wala kumpandishia kodi bila kufuata utaratibu wa notisi uliowekwa na sheria hiyo, na mpangaji anaweza kupinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana mawakili wa wenye majengo huongeza miezi kadhaa juu ya miaka 5. Tofauti niliyoikuta ilibeba uzito wa mkataba mzima, na haikuwa yangu kuiamua.

Kwa hiyo sikugusa maandishi. Niliweka kiputo kwenye jedwali: "Kifungu cha 2: miaka 5 na miezi 3. Hapa: miaka 5, na tarehe zinalingana na miaka 5. Ikiwa kifungu ndicho sahihi, mwisho ungekuwa 31 Mei 2030. Sijabadilisha. Tafadhali amua." Wakili anaweza kujibu hilo bila kunipigia simu. Kiputo kinachosema "angalia hapa" kingemrudisha kwenye kurasa 23 atafute mwenyewe ninachomaanisha.

Angalia pia ambacho sikukiandika. Sura ya 301 haimo kwenye kiputo. Nilimtajia kwa simu. Kiputo hukaa ndani ya faili, na faili husafiri. Fikiria wakili wa mpangaji akifungua rasimu na kukuta tumeandika pembeni kwamba miezi 3 ikikosekana mteja wake atapata ulinzi wa sheria! Kanuni yangu ni kwamba kwenye kiputo naandika tu lile ambalo upande wa pili ukilisoma kwa bahati mbaya, hakuna atakayeumia.

Sasa alama zenyewe. Nilipomaliza, upau wa pembeni ulikuwa umejaa, na sehemu kubwa ilikuwa umbo: nafasi kati ya aya, aina ya herufi, maneno yaliyokolezwa. Wakili akiona utitiri huo, atachoka kabla ya kufika kwenye tarehe. Kwa makubaliano yetu, mabadiliko ya umbo nayakubali mwenyewe. Kwenye "Review", chini ya "Show Markup", naondoa tiki kwenye "Comments" na "Insertions and Deletions", nabakiza "Formatting". Kisha kwenye mshale wa "Accept" nachagua "Accept All Changes Shown". Nikirudisha tiki, yanabaki mabadiliko ya maneno tu, yaani yale ambayo kweli yanamhitaji yeye.

Kifungu cha 14 kilikuwa kinarudia cha 9 karibu neno kwa neno. Nilikifuta huku ufuatiliaji ukiwa umewashwa, nikaeleza sababu kwenye kiputo. Hapa Word ina mtego. Kifungu kilichofutwa bado kinashika nambari yake hadi ufutaji ukubaliwe, kwa hiyo kwenye skrini kinachofuata kinaendelea kuitwa 15. Mara tu wakili akikubali, kinakuwa 14, na cha 17 kinakuwa 16. Rejea zilizowekwa kwa kifaa cha "Cross-reference" zinaweza kusasishwa. Ile iliyochapwa kwa mkono, "kwa mujibu wa kifungu cha 17", itabaki ikielekeza pasipo. Dawa ni kutengeneza nakala, kukubali kila kitu ndani yake, kubonyeza Ctrl+A kisha F9, halafu kusoma rejea zote moja moja. Ukiona "Error! Reference source not found." ujue kuna rejea iliyokuwa ikielekeza kwenye kilichofutwa. Safari hii nilikuta mbili zilizochapwa kwa mkono, nikazitaja kwenye viputo.

Narudisha faili mbili: moja yenye alama zote, na nyingine safi inayoonyesha mkataba utakavyosomeka akikubali yote. Neno "safi" liliwahi kunitia aibu. Miaka ya nyuma nilituma nakala niliyoona imetakata, kumbe nilikuwa nimechagua tu "No Markup", ambayo huficha alama bila kuziondoa. Aliyeipokea alifungua kwa "All Markup" na kila nilichofuta kikamtokea. Tangu hapo sikiamini kioo. Nakubali mabadiliko yote, nafuta viputo kwa "Delete All Comments in Document" (ukibonyeza "Resolve" kiputo kinafifia tu, hakiondoki), kisha nabonyeza "Next" kwenye kundi la "Changes". Word yenyewe ikisema hakuna kilichobaki, naamini.

Mwisho nalinganisha rasimu ya awali na nakala safi kwa "Compare". Kikitokea kitu ambacho hakimo kwenye faili ya alama, basi kuna mahali nilichapa ufuatiliaji ukiwa umezimwa, na wakili angepokea badiliko asilojua lipo. Safari hii kilitokea kimoja: mkato niliouondoa kwenye ukurasa wa 6. Nikaurudisha, nikauondoa tena kwa alama.

Jambo dogo kuhusu jina: laptopu yangu niliinunua Luthuli ikiwa imetumika, na kwa wiki nzima masahihisho yangu yalitoka kwa jina "Admin". Jina hurekebishwa kwenye "File", "Options", "General", sehemu ya "User name". Lirekebishe kabla hujaanza, kwa sababu alama zilizokwisha wekwa zitabaki na jina la zamani.

Wakili alijibu Alhamisi saa nne asubuhi. Jedwali lilikuwa limenakiliwa kutoka mkataba wa zamani. Aliandika 31 Mei 2030 kwa mkono wake, akakubali ufutaji wa kifungu cha 14, na masahihisho yangu mawili akayakataa kwa sababu mteja alikuwa ameyazoea maneno yale. Viputo akavifuta yeye mwenyewe kabla ya kutuma.