Ankara hewa za tairi: ukiripoti, unaripoti kwa nani?

Tuchukue karani wa hesabu katika kampuni ya malori huku Changamwe, Mombasa. Mezani pake inafika ankara ya tairi 10 mpya za lori fulani, imeshaidhinishwa na meneja. Karani anajua lori hilo liko gereji wiki ya tatu, injini imefunguliwa. Anatafuta hati ya kupokea mzigo, hakuna. Anaangalia kitabu cha getini: gari la muuzaji halikuingia siku hiyo. Hiyo ni ankara hewa, na kuna fununu kwamba muuzaji humrudishia meneja mgao kwa M-Pesa.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kwa bosi wa bosi. Binafsi naona hapo ndipo wanapoanza kuumia, kwa sababu ulinzi wa sheria zetu unategemea sana mlango uliobisha. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa na miswada ya kuwalinda watoa taarifa, lakini kinga unayoweza kuishika mkononi imetawanyika katika sheria mbalimbali.

Iliyo nzito zaidi ni kifungu cha 65 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003. Kinasema mtu aliyeipa taarifa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi (EACC), au aliyemsaidia mpelelezi wake, hawezi kushtakiwa wala kuchukuliwa hatua za kinidhamu kwa ajili hiyo. Neno la kushika ni Tume. Ukimnong'oneza mkurugenzi peke yake, kifungu hicho hakikufuniki. Wala hakimfuniki anayesema jambo ambalo mwenyewe haamini kuwa ni kweli.

Ule mgao wa meneja unafungua mlango wa pili, Sheria ya Hongo ya 2016, ambayo inagusa kampuni binafsi pia. Mwenye cheo cha mamlaka anayejua au kushuku hongo anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Kifungu cha 21 kinamtia hatiani anayemshusha cheo, kumfuta kazi, kumhamishia pabaya au kumtisha mtoa taarifa: faini hadi shilingi milioni 1, au kifungo hadi mwaka 1, au vyote viwili.

EACC ina ofisi Mombasa, ina simu ya bure 1551, na ina mfumo wa mtandaoni wa kuripoti bila jina, ambao hukufungulia sanduku la siri la kujibizana na wapelelezi. Usiutumie kwenye kompyuta ya kazini. Na kama ni wawili tu wanaogusa ankara hizo, elewa kwamba jina lako litakisiwa hata ukilificha.

Kosa ninaloliona likiwaponza watu wema ni kujitumia mafaili yote ya kampuni kwenye barua pepe binafsi. Kesho yake mwajiri hataji tairi tena, anataja wizi wa siri za kampuni. Andika kwenye daftari lako la nyumbani namba ya ankara, tarehe, kiasi, nani aliidhinisha, na ukurasa wa kitabu cha getini. Mpelelezi akishajua pa kutafuta, atazifuata hati zenyewe kwa nguvu za sheria.

Kisasi hakiji na jina lake. Barua haiandiki "umeripoti". Nywila yako inakataa, unahamishiwa depo ya mbali, au unapewa barua mbili za onyo kwa kuchelewa dakika tano, jambo ambalo halikuwahi kutajwa miaka minne. Kisha unaambiwa nafasi yako imefutwa. Kinachoonyesha ukweli ni tarehe. Panga ripoti yako, onyo la kwanza na uhamisho kwenye mstari mmoja, na uweke karibu tathmini nzuri ulizopata kabla.

Ukipewa barua ya kujieleza, ijibu kwa maandishi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakupa haki ya kusikizwa ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kama ni kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 40 kinataka notisi isiyopungua mwezi, afisa wa leba ajulishwe, na ulipwe angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimiza.

Ukifutwa, malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi 3. Kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inaketi Mombasa, ndani ya miaka 3. Fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12, na kurudishwa kazini hutokea kwa nadra. David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyefichua kashfa ya ufisadi ya Goldenberg, alikamatwa na kupoteza kazi, akahamia hapa Mombasa, na alifariki 2006 bila kurudishiwa kazi yake.

Siku ya mwisho utawekewa hundi ya malipo yako pamoja na karatasi ya kukiri kwamba huna dai lolote tena. Ukiitia saini kwa hiari, mahakama inaweza kuichukua kama mapatano yaliyofunga kesi yako. Omba nakala, toka nayo, na wakili aisome kabla ya kalamu kugusa karatasi.