Je, wajua kwa nini habari ya gazeti haigeuki kuwa maswali na majibu kwa kukatwa aya tu?

"Nina habari inayohusu huduma yetu, nataka iwe maswali na majibu kwenye ukurasa wa msaada. Nimeweka swali juu ya kila aya lakini wateja bado wanapiga simu kuuliza yaleyale. Nakosea wapi?"

Unapokosea ni pale unapoanzia kwenye aya. Mwandishi wa habari alikuwa anamwambia msomaji nini kimetokea, kwa hiyo akaanza na lililo zito na mengine akayashusha chini. Anayefungua ukurasa wa msaada amekwama sa hivi, ana jambo moja tu anataka alimalize aondoke, na hilo jambo mara nyingi kwenye habari limepita nusu sentensi au halimo kabisa. Kwa hiyo anza na yule mtu aliyekwama, habari iwe ni mahali pa kuchota majibu tu.

Tuchukue mfano wa kutunga, habari iliyotoka Alhamisi tarehe 6 Juni 2024. Inasema hivi: "Kampuni ya huduma ya barua pepe ilitangaza jana kuwa kuanzia Jumatatu ijayo wateja wataingia kwa hatua mbili, pasiwedi pamoja na tarakimu 6 zitakazotumwa kwenye simu. 'Usalama wa wateja ndio kipaumbele chetu,' alisema meneja. Hatua hiyo inafuatia kudukuliwa kwa akaunti kadhaa mwezi uliopita. Ambao hawajasajili namba ya simu wamepewa siku 30 kufanya hivyo, la sivyo akaunti zao zitafungwa kwa muda."

Mi huwa naisoma nikiwa na kalamu, napiga mstari chini ya kila kitu kinachombadilishia mteja anachofanya au anachopata. Hapo mistari inaangukia kwenye zile tarakimu 6, namba ya simu, siku 30 na kufungwa kwa akaunti. Maneno ya meneja hayapati mstari, yanatoka yote, hata kama bosi atapenda yabaki, maana hakuna mteja atakayeuliza "meneja alisemaje?".

Sasa angalia zile siku, maana hapa ndo watu wanaumia. "Jana" na "Jumatatu ijayo" vilieleweka siku ile gazeti lilipotoka, lakini ukurasa wa msaada unasomwa hata baada ya wiki tatu na hapo "Jumatatu ijayo" ni Jumatatu nyingine kabisa. Geuza kila neno la namna hiyo liwe tarehe kamili, hapa ni tarehe 10 Juni 2024. Halafu siku 30 zinahesabiwa kuanzia lini? Ukianzia siku ya tangazo, tarehe 5 Juni, unafika tarehe 5 Julai, na ukianzia siku utaratibu unapoanza unafika tarehe 10 Julai. Ni siku tano tu za tofauti, ila mteja anayekuja tarehe 7 Julai kwa hesabu moja kachelewa na kwa nyingine bado yumo, na habari yenyewe haisemi. Usikisie. Muulize anayehusika na hiyo huduma, akuandikie jibu, ndo uliweke. Tuseme amejibu ni tarehe 10 Julai.

Ukishafanya hivyo utaona matundu mengine. Aliyebadilisha namba ya simu afanyeje? Aliyeko mahali hakuna mtandao wa simu? Akaunti ikifungwa, barua pepe zilizomo zinabaki au zinafutwa? Habari haina jibu hata moja la hayo, na ndiyo watu wanayopigia simu, kwa hiyo majibu yake inabidi uyatafute nje ya habari. Swali usilopata jibu lake liache nje kwanza mpaka upate, usiliweke halafu ukajibu "tutawajulisha", unamchosha tu mtu aliyekuja na shida.

Maswali yenyewe yaandike kwa mdomo wa mteja. Ukiandika "Ni utaratibu gani unatumika kusasisha taarifa za mawasiliano?" hakuna anayejitambua hapo, lakini ukiandika "Nimebadilisha namba ya simu, nitaingiaje?" mwenye shida anaiona palepale. Maneno haya huna haja ya kuyabuni, yako kwenye meseji za dawati la wateja na kwenye kile kisanduku cha kutafutia cha websaiti yenu, soma watu wanaandika nini pale kisha chukua vilevile, kama zile tarakimu 6 wanaziita "kodi" na nyie ndani mnaziita "namba ya uthibitisho", swali liseme kodi.

Jibu nalo liwe na uwezo wa kusimama peke yake, maana mtu anaweza kutua kwenye swali la tano moja kwa moja kutoka Google bila kuona manne ya juu. Sentensi kama "kama tulivyoeleza, wamepewa siku 30 kufanya hivyo" inamwacha gizani, nani wamepewa, kufanya nini? Sentensi ya kwanza ndo iwe jibu lenyewe, maelezo yaje baadaye:

```html
<h3 id="mwisho-kusajili">Nina mpaka lini kusajili namba ya simu?</h3>
<p>Una mpaka mwisho wa siku ya tarehe 10 Julai 2024.
Baada ya hapo akaunti isiyo na namba itafungwa kwa muda.</p>
```

Nimeandika "mwisho wa siku" kwa makusudi, maana ukisema saa sita usiku wa tarehe 10 kuna atakayeelewa ni usiku wa kuamkia tarehe 10 na mwingine wa kuamkia 11. Ile `id` inakuwezesha kumtumia mteja linki inayofungukia kwenye swali lake, kwa hiyo hata ukibadilisha maneno ya swali, `id` yenyewe iache ilivyo, la sivyo linki ulizokwisha kutuma zitamtua mwanzo wa ukurasa.

Mpangilio haufuati habari. Juu weka tarehe ya mwisho na namna ya kusajili, kisha aliyebadilisha namba, kisha akaunti iliyofungwa. Kwa nini utaratibu umebadilika, jambo ambalo gazeti lingelikuza, linatosha sentensi mbili pale chini. Ila la udukuzi litakuja kwa sura nyingine, "Je, akaunti yangu ni kati ya zilizodukuliwa?", na hilo lipande juu kama kuna njia ya mtu kuangalia mwenyewe.

Kama habari imeandikwa na gazeti la watu wengine, taarifa iliyomo unaweza kuitumia lakini sentensi zao usikopi na kupesti, andika zako upya, na kila tarehe ihakikishe kwenye tangazo la asili maana gazeti nalo hukosea.

Halafu andika kwenye kalenda yako tarehe 11 Julai. Habari ya gazeti itabaki kama ilivyochapwa na hakuna atakayeilaumu, lakini siku hiyo lile jibu la "Una mpaka" linakuwa uongo, na swali la juu kabisa asubuhi ile linatakiwa liwe "Akaunti yangu imefungwa, naifunguaje?"