Boti ya wafugaji nyuki wa Tabora: dhana potofu na ukweli kuhusu modeli za lugha na Kiswahili

Wafugaji nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua wana maswali yasiyosubiri ratiba ya mtu, ilhali afisa ufugaji nyuki wa wilaya ana vijiji vingi vya kufikia kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tunatengeneza boti, yaani programu ya mazungumzo, ya kuwajibu kwa Kiswahili kupitia simu. Katika kazi hiyo nimekuta kwamba kinachokwamisha mipango mara nyingi ni imani walizo nazo watu kuhusu modeli ya lugha, yaani mfumo wa kompyuta uliojifunza kuandika kutokana na maandishi mengi, inayoiendesha boti, hata wale wanaoifadhili na kuijenga. Nitaeleza hapa zile ninazokutana nazo zaidi, nikikaa kwa muda mrefu kwenye zile zenye madhara makubwa.

Dhana: Kiswahili kina wazungumzaji wengi, kwa hiyo modeli inakijua vya kutosha.

Ukweli ni kwamba modeli haijifunzi kutoka kwa wazungumzaji, bali kutokana na maandishi yaliyokusanywa, sehemu kubwa kutoka mtandaoni. Unesco hutaja kwamba Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200, lakini mazungumzo ya sokoni, ya shambani na ya redioni hayahesabiki mpaka yaandikwe. Mwaka 2019 watafiti wa Facebook walitoa modeli iitwayo XLM-R, iliyofundishwa kwa lugha 100. Katika matini waliyotumia, Kiingereza kilikuwa na takribani gigabaiti 300, na Kiswahili kilikuwa na 1.6 tu. Modeli hiyo ilipopimwa kwa XNLI, jaribio la kuamua kama sentensi moja inafuata kutoka kwa nyingine, inaipinga au haihusiani nayo, ilipata asilimia 89.1 kwa Kiingereza na 73.9 kwa Kiswahili. Anayebahatisha tu katika jaribio hilo angepata kama 33, kwa hiyo 73.9 si ujinga. Ni ujuzi wenye matundu.

Matundu hayo hayakutawanyika sawasawa. Maandishi mengi ya Kiswahili yaliyoko mtandaoni ni ya habari, siasa, michezo na dini, na modeli huzimudu mada hizo vizuri kuliko nyingine. Mtu akiijaribu kwa kuiomba iandike taarifa ya habari, ataridhika na kuondoka na picha isiyo sahihi, kwa sababu kuhusu mizinga, nta, masega na kundi lililohama maandishi ya Kiswahili ni haba sana.

Dhana: Tatizo ni sarufi ya Kiswahili, ambayo ni ngumu kwa mashine.

Kituruki nacho hujenga maneno marefu kwa kuunganisha viambishi, na katika jaribio lile lile kilipata 79.6, kikiwa na takribani gigabaiti 21 za matini. Sisemi kwamba wingi wa matini ndiyo sababu pekee, kwa maana Kiurdu kilikuwa na matini zaidi kuliko Kiswahili na bado kikapata 73.8. Hata hivyo viambishi peke yake havielezi pengo letu.

Sarufi inaingia kwa mlango mwingine. Kabla ya kusoma, modeli hukata maandishi katika vipande viitwavyo tokeni, na orodha ya vipande hivyo hutengenezwa kwa kuangalia ni mfuatano gani wa herufi unaojirudia mara nyingi katika data. Kwa kuwa data hiyo imetawaliwa na Kiingereza, maneno ya kawaida ya Kiingereza hubaki mazima, ilhali neno kama «hawajazirina» hukatwa vipande kadhaa, na mara nyingi mikato haiangukii kwenye mipaka ya viambishi. Modeli inalazimika kuunganisha maana kutoka kwa vipande ambavyo imeviona kwa nadra vikiwa pamoja. Zaidi ya hapo, ujumbe wenye maana ile ile hutumia tokeni nyingi zaidi, na kwa kuwa huduma hizi hulipiwa kwa tokeni, boti ya Kiswahili hugharimu zaidi na huweza kupewa maelezo machache zaidi ndani ya ukomo ule ule.

Dhana: Jibu lililoandikwa kwa Kiswahili fasaha ni jibu sahihi.

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu humdanganya hata msomaji makini. Modeli kubwa za sasa huandika Kiswahili kinachosomeka vizuri. Lakini ufasaha hupatikana kwa matini kidogo kuliko maarifa: mpangilio wa sentensi hujirudia katika kila ukurasa, wakati ukweli kuhusu mzinga wa gogo katika msitu wa miombo huenda umeandikwa mara chache mno. Pale maarifa yanapokosekana, modeli huchukua kilicho karibu, na kilicho karibu ni ufugaji wa Ulaya na Marekani uliojaa katika matini ya Kiingereza.

Matokeo yake ni ushauri unaotamkwa kwa Kiswahili lakini umetoka nchi nyingine. Modeli inaweza kumshauri mfugaji wa Sikonge aanze mwezi wa Oktoba kuliandaa kundi kwa majira ya baridi na theluji, wakati Oktoba huku kwetu ni joto na mvua zinanukia. Inaweza kudhani kwamba kila mtu ana mzinga wa fremu na mavazi kamili ya kinga, na kwamba nyuki wake ni wapole kama wale wa Ulaya, ilhali nyuki wetu huhama mzinga kwa urahisi na hulinda makazi yao kwa ukali unaoweza kuua. Mtu akifuata ushauri wa kufungua mzinga mchana karibu na nyumba, madhara yake hayarekebishwi kwa ujumbe wa kuomba radhi. Kwa hiyo anayekagua majibu ya boti asiishie kuuliza kama Kiswahili ni kizuri; aulize jibu hili linamfaa mfugaji wa wapi, wa mzinga gani, na wa msimu gani.

Dhana: Tutafsiri swali kwa Kiingereza, modeli ijibu, kisha tulirudishe Kiswahili.

Njia hii ina faida ya kweli pale swali linapohitaji hoja za jumla, kama vile kwa nini asali yenye maji mengi huharibika. Inaharibu mambo ya mahali. Mfugaji akiuliza kama anaweza kurina saa mbili usiku, tafsiri isiyo makini hupeleka saa mbili baada ya usiku wa manane badala ya saa 20:00, na jibu hurudi likiwa limepishana na swali kwa saa sita. Saa ni bora zigeuzwe kwa kanuni ya programu, si kuachiwa modeli ikisie.

Dhana: Bila kufundisha modeli yetu wenyewe tangu mwanzo, hakuna la kufanya.

Kufundisha modeli ya Kiafrika kwa matini kidogo kunawezekana. AfriBERTa ya mwaka 2021 ilifundishwa kwa chini ya gigabaiti moja ya matini ya lugha 11, Kiswahili kikiwemo, na ikashindana vizuri na modeli kubwa zaidi. Lakini boti ya wafugaji nyuki haihitaji kufika huko. Inahitaji modeli iliyopo isijibu kutoka kichwani mwake, bali kutoka kwenye vifungu tunavyoipa.

Tunachukua vijitabu na maelekezo yaliyohakikiwa na wataalamu, tunayakata katika vifungu vya maneno 150 hadi 200, kila kifungu kikibeba jambo moja, kisha swali linapokuja programu inatafuta vifungu vitatu vinavyokaribiana nalo na kuipa modeli pamoja na agizo la kujibu kwa kutumia hivyo tu. Ugumu uko kwenye kutafuta. Utafutaji wa maneno mazima hauoni kwamba «ilirinwa», «nikirina» na «kurina» ni kitendo kimoja. Tiba rahisi ni kulinganisha vipande vya herufi tatu tatu pamoja na maneno mazima: aina zote tatu zina «rin», ambacho ni kipande adimu na hivyo kinapewa uzito mkubwa, wakati «ina», kinachopatikana kila mahali, kinapewa uzito mdogo. Vipande havimsaidii anayeandika «kulina» au «kuvuna», kwa hiyo orodha ya visawe inabaki kuwa ya lazima, na wa kuitunga ni wafugaji wenyewe.

Tuchukue swali hili: «Asali yangu ilirinwa mwezi jana sasa inatoa povu, tatizo nini?» Kifungu chenye jibu kinazungumzia kuchacha na kiwango cha maji, neno povu halimo, na neno kurina huenda nalo halimo. Tulichofanya ni kuandika chini ya kila kifungu maswali kadhaa kwa maneno ya wafugaji, na kuyaruhusu nayo yatafutwe. Kifungu kikipatikana, boti haipaswi kukimbilia hukumu, kwa kuwa povu la siku za mwanzo baada ya kuchuja linaweza kuwa hewa tu. Inauliza kama kuna harufu ya uchachu. Ikiwepo, inaeleza kwamba asali ilikuwa na maji mengi, pengine kwa sababu masega yalirinwa kabla ya kuzibwa kwa nta walau robo tatu, kwamba kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, kwa asali ya kawaida hakizidi asilimia 20 ya maji, na kwamba asali hiyo isichanganywe na nyingine iliyo nzima.

Hata ikiwa na kifungu mbele yake, modeli inaweza kubadilisha namba. Kosa hilo hunaswa kwa mistari michache ya Python:

```python
import re

def namba(matini):
    return set(re.findall(r"\d+(?:\.\d+)?", matini))

def namba_ngeni(jibu, vifungu):
    return namba(jibu) - namba(" ".join(vifungu))
```

Ikiwa `namba_ngeni` inarudisha chochote, jibu halitumwi. Ukaguzi huu hauoni namba zilizoandikwa kwa maneno, kama «ishirini», kwa hiyo modeli inaagizwa kuandika namba kwa tarakimu. Wala hautambui namba sahihi iliyowekwa kwenye jambo lisilo lake. Hilo linahitaji macho ya mtu.

Kupima nako kuna dhana yake: kwamba inatosha kuhesabu majibu mazuri. Ni afadhali kukusanya maswali kama 100 jinsi wafugaji walivyoyaandika, pamoja na makosa yao ya tahajia, na kupima mambo mawili kwa kutenganisha: je, kifungu sahihi kilikuwa miongoni mwa vitatu vilivyopatikana, na je, jibu lilikifuata? Ikiwa kifungu hakikupatikana, kubadilisha modeli kwa iliyo ghali zaidi hakutasaidia kitu. Kinachotakiwa ni visawe na maswali ya ziada. Ikiwa kilipatikana na jibu likapotoka, hapo ndipo modeli au maelekezo yake yanapaswa kuguswa.

Yapo pia maswali ambayo hayana kifungu kabisa. Kwa hayo tunaweka kiwango cha chini cha ukaribu, na swali lisilokifikia halipelekwi kwenye modeli. Mfugaji anaambiwa wazi kwamba boti haina maelezo hayo, swali lake linapelekwa kwa afisa ufugaji nyuki, na jibu la afisa, likishahakikiwa, linaandikwa kuwa kifungu kipya. Maswali ya dawa za kuulia wadudu kwenye mashamba ya tumbaku yaliyo karibu na mizinga tumeyaweka yote katika kundi hili hata pale ukaribu unapotosha, kwa sababu vifungu tulivyo navyo havitofautishi dawa moja na nyingine.