Kuwa na ukurasa wa "Changamoto" hakufanyi ripoti kuwa ya kweli

Kila ninapohoji ripoti ya mwisho ya mradi, najibiwa: "Lakini changamoto tumeziandika!" Nikizisoma nakuta mvua, bei kupanda, vibali kuchelewa. Hayo yote yaliwapata tu. Hakuna hata moja waliloliamua wao. Mradi ulipokwama hutapaona kwenye ukurasa huo. Tazama jedwali la matokeo, hasa ile idadi iliyotumika kukokotoa asilimia.

Tuchukue mradi wa kuwafundisha wafanyabiashara wadogo kutunza hesabu. Ripoti inasema asilimia 82 ya wanufaika wanatunza daftari la mapato na matumizi. Lengo lilikuwa 80, basi kila mtu anapumua. Kwenye kiambatisho naona waliohojiwa ni 190, na waliosema ndiyo ni 156. Hesabu imetimia. Ila walioandikishwa ni 500, na hao 190 walihojiwa kwenye kikao cha kufunga mradi. Wanaohudhuria kikao cha kufunga mara nyingi ni wale ambao mafunzo yaliwafaa. Aliyeacha katikati nani alimuuliza?

Hapa baadhi ya watathmini hukimbilia kuandika kwamba matokeo halisi ni 156 kwa 500, yaani asilimia 31. Nalo linaniudhi vilevile. Habari za wale 310 hatuzijui. Ikiwa hakuna hata mmoja wao anayetunza daftari, ni asilimia 31; ikiwa wote wanatunza, ni 93. Mimi nahisi jibu liko karibu na chini kuliko juu, lakini hisia yangu si ushahidi, na siiandiki kama matokeo. Ninachoandika ni kwamba dai la 82 linawahusu waliohudhuria tu.

Halafu, katika hao 156, madaftari mangapi yalionekana? Mtu akiulizwa mbele ya mwalimu wake kama anatunza daftari, ni rahisi aseme ndiyo. Afadhali washiriki 30 wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka orodha ya wote 500, watafutwe walipo, na madaftari yafunguliwe. Daftari la miezi 6 lililojazwa kwa kikao kimoja hujulikana: kalamu ileile, mwandiko uleule, kurasa hazijachakaa, mauzo yote ni namba zinazoishia na sifuri.

Ripoti ya kweli ingeandika hivi: "Fedha za kuwafuatilia walioacha tulizihamishia kwenye mafunzo mwezi wa nane, kwa uamuzi wetu. Kwa hiyo hatujui hali ya washiriki 310." Humo kuna uamuzi, mwenye uamuzi na hasara yake. Sentensi hizo mbili naziamini kuliko kurasa kumi za picha za wahitimu.

Wakati mwingine nashindwa kutofautisha aliyeficha na ambaye hakukusanya taarifa tangu mwanzo, maana jedwali hufanana. Huomba orodha ya mahudhurio ya kila kipindi. Wakiwa nayo na ripoti haikuigusa, hapo naandika kwamba wamechagua kuficha.