Kongelateri isiyogandisha: unachoweza kumdai muuzaji hapa Lubumbashi

Kati ya maneno yanayosomwa sana madukani mwetu, machache yana nguvu kama yale yaliyochapwa kwa Kifaransa chini ya fakture: bidhaa iliyokwisha kuuzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Mteja anayaona, anakunja karatasi yake, anarudi nyumbani na hasara. Mimi ni avoka, na sehemu kubwa ya kazi yangu katika mambo haya ni kuwaeleza watu kwamba mstari ule hauna nguvu wanayoidhani. Unamlinda muuzaji dhidi ya mteja aliyebadili mawazo baada ya kununua, kwa sababu sheria yetu haimpi mnunuzi wa dukani haki ya kurudisha kitu kizima eti rangi yake haimpendezi tena. Kitu kibovu ni habari nyingine.

Nitatumia kesi moja, ambayo nimebadilisha baadhi ya mambo yake ili mwenyewe asitambulike. Mama mmoja wa Katuba alinunua kongelateri mpya katika duka la mjini kwa dola 450, akalipa dola 15 za gari la kuifikisha nyumbani. Wiki tatu hivi baadaye nyama ilianza kulainika. Mashine ilikuwa inaunguruma mchana na usiku bila kupumzika, lakini barafu ilishika upande mmoja tu wa ukuta wa ndani, na upande wa pili ulikuwa na joto la nyumba. Alipokwenda dukani, mwenye duka alimnyooshea kidole kwenye fakture: «Mama, soma apa chini. Kitu yenye ilishauzishwa haigeuzwe.» Kisha akaongeza sababu mbili, na hizo ndizo zilizohitaji majibu ya kweli: kwamba kongelateri ilijaribiwa mbele ya mteja ikafanya kazi, na kwamba umeme wa mtaani ndio ulioiua.

Sheria inayotawala mauzo haya ni ya zamani sana. Ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo wanasheria wa Kongo wanaiita Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia. Kuanzia kifungu cha 318 inasema kwamba muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyofichika, yaani ile inayokifanya kitu kisifae kwa matumizi yake, au inayoyapunguza matumizi hayo kiasi kwamba mnunuzi, kama angeijua, asingenunua kabisa au angetoa bei ndogo zaidi. Kasoro ambayo mtu angeiona mwenyewe wakati wa kununua haimo. Mlango uliobonyea na kioo kilichopasuka ni vitu vya kukaguliwa kabla ya kutoa pesa, na ukivikubali umevikubali.

Basi je, jaribio la dukani liliifanya kasoro ile ionekane? Halikuifanya. Mashine ikiwashwa kwa dakika kumi, inaonyesha kwamba taa inawaka, kwamba injini inazunguka, na pengine kwamba ukuta umeanza kupoa. Haionyeshi tundu dogo kama ncha ya sindano ambalo gesi inapita polepole kwa wiki nyingi. Mteja wa kawaida hadaiwi kuja na fundi wake wala kufungua mashine. Anadaiwa uangalifu wa mtu wa kawaida tu.

Jambo la umeme ni gumu zaidi, kwa kuwa ni kweli kwamba umeme wetu unapanda na kushuka, na vifaa vingi vinaungua kwa sababu hiyo. Hapa mnunuzi ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na anachopaswa kuthibitisha ni kwamba ubovu ulikuwapo siku ya kuuziwa, hata kama ulikuwa bado mchanga. Kwa bahati nzuri, mashine yenyewe inatoa ushahidi kwa anayejua kuisoma. Kongelateri iliyopigwa na umeme mkubwa kwa kawaida haiwaki tena: injini inajaribu kuanza, inatoa sauti fupi, inakatika, na mara nyingi kuna harufu ya kuungua kwenye kifaa cha kuwashia. Kongelateri iliyopungukiwa gesi inafanya kinyume chake. Injini ni nzima, inazunguka bila kukoma kwa sababu baridi inayotakiwa haifiki kamwe, na barafu inashika mwanzo tu wa njia ya gesi. Fundi wa mama yule alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba nyuma ya injini, na kwenye kiungo kimoja kilichochomelewa kiwandani viputo vilipanda kimoja kimoja. Umeme hautoboi kiungo cha namna hiyo. Kazi mbovu ya kiwandani ndiyo inayokiacha hivyo.

Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza kesi yao kabla haijaanza. Wanamwita fundi wa jirani, anachomelea kiungo, anajaza gesi, na ugonjwa ukirudi mwezi ujao hakuna tena anayeweza kusema ubovu wa kwanza ulitoka wapi. Muuzaji atasema, na atakuwa na haki ya kusema, kwamba mashine ilifunguliwa na mtu asiyemjua. Ushauri wangu ni kwamba chochote kisiguswe kabla ya hali kuandikwa. Mwite muuzaji kwa maandishi aje au amtume fundi wake. Asipokuja, fundi wako aangalie bila kutengeneza, apige picha na video, aandike alichokiona, tarehe, na namba iliyobandikwa nyuma ya mashine. Kwa kitu cha bei kubwa zaidi ningemleta huisye, yaani ofisa wa mahakama, aandike ripoti yake, lakini kwa kongelateri moja gharama hiyo hupimwa kwanza.

Sasa madai yenyewe. Sheria inampa mnunuzi uchaguzi wa njia mbili, na uchaguzi ni wake, si wa muuzaji. Anaweza kurudisha kitu na kurudishiwa bei yote, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei, kwa kiasi kitakachopimwa na wataalamu. Juu ya bei, muuzaji ambaye hakuijua kasoro analipa pia gharama zilizotokana na ununuzi, kwa hiyo katika kesi yetu zile dola 15 za gari zinaingia. Muuzaji aliyeijua anaongeza fidia ya hasara nyingine zote, kama nyama iliyooza, na hawezi kujificha nyuma ya mstari wa chini ya fakture. Sheria inaruhusu watu wapatane kwamba hakutakuwa na dhamana, lakini ruhusa hiyo ni ya muuzaji asiyejua tu. Katika mapokeo ya kisheria tuliyorithi kutoka Ubelgiji, mtu ambaye kazi yake ni kuuza vifaa vya namna hiyo huhesabiwa kuwa anavijua, mpaka aonyeshe kwamba kasoro isingeweza kugunduliwa hata na yeye. Ndiyo sababu mstari ule, ambao unaweza kumsaidia jirani anayekuuzia frigo yake ya okazyo, unamsaidia kidogo sana mwenye duka.

Utaona kwamba kutengeneza hakumo katika njia zile mbili. Muuzaji anaweza kupendekeza kutengeneza, na mnunuzi anaweza kukubali; hata mimi mara nyingine nakubali kwa niaba ya mteja, kama kasoro ni ndogo. Lakini pendekezo hilo liandikwe, likitaja siku ambayo kazi itakuwa imekwisha na kwamba ikishindikana bei itarudishwa. Garanti ya miezi sita ambayo duka linaitoa nayo ni nyongeza juu ya sheria. Haiipunguzi, hata kama karatasi yake inataja matengenezo peke yake. Na ukiambiwa umtafute aliyeileta bidhaa kutoka Dubai au Uchina, jibu ni fupi: wewe ulipatana na duka, na duka litajuana na aliyeliuzia.

Kuhusu muda, dekreti ya 1888 haitaji idadi ya siku. Inataka dai lifunguliwe ndani ya muda mfupi, kulingana na aina ya kasoro na desturi ya mahali, na kwangu mimi maneno hayo ni mtego, kwa sababu jaji ndiye atakayesema kama ulichelewa. Aliyeona ubovu leo aandike wiki hii. Mambo yanabadilika kama mnunuzi mwenyewe ni mfanyabiashara aliyenunua kwa ajili ya biashara yake, mfano mwenye duka la samaki. Tangu Kongo ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, mauzo kati ya wafanyabiashara yanafuata sheria ya pamoja ya biashara iliyopitishwa tarehe 15 Desemba 2010, na hiyo ina muda ulio wazi: mwezi mmoja tangu kupokea bidhaa kwa kasoro inayoonekana, na mwaka mmoja tangu kuigundua kwa ile iliyofichika. Anayenunua kwa ajili ya nyumba yake hamo katika mlango huo. Anabaki na sheria ya zamani.

Sheria hiyo ya OHADA hata hivyo inamsaidia mama wa nyumbani kwa jambo moja: dhidi ya mfanyabiashara, tendo la biashara linathibitishwa kwa njia zote, hata za elektroniki. Aliyekosa fakture asikate tamaa. Ujumbe wa malipo kwenye simu, mazungumzo ya WhatsApp na dereva aliyebeba mzigo, vyote vinasikilizwa. Fakture ina faida nyingine, nayo ni namba ya RCCM ya duka, yaani ya daftari la wafanyabiashara. Bila kujua muuzaji ameandikishwa kwa jina gani, unaweza kushinda kesi dhidi ya mtu ambaye huisye hatampata, na kwa aliyeuziwa kando ya barabara na mtu asiye na duka, sisemi uongo, haki yote hii inabaki karibu na maneno matupu.

Tulimwandikia mwenye duka barua ya ukurasa mmoja. Ilitaja siku ya ununuzi, kilichoonekana kwenye kiungo, kifungu cha sheria, uchaguzi wa mama wa kurudishiwa bei, jumla ya dola 465, na siku nane za kujibu, tukaambatisha picha na ripoti ya fundi. Nyama sikuidai, kwa kuwa kuthibitisha kilo ngapi zilioza kungekula muda kuliko thamani yake. Kama angenyamaza, hatua ya pili ingekuwa onyo rasmi kwa mkono wa huisye, na ya tatu Tribinali ya Biashara, ambayo ipo hapa mjini na inasikiliza dai la mtu wa kawaida dhidi ya mfanyabiashara. Kwa kiasi kama hiki sipendi kufika huko, maana gharama zinaanza kukaribia dai lenyewe.

Alijibu siku ya saba, akiomba kulipa kwa awamu mbili. Tulikubali kwa masharti mawili: gari la kuichukua kongelateri liwe juu yake, na mashine isitoke Katuba kabla ya malipo ya pili. Siku hiyo mama alihesabu pesa kwanza, kisha wote wawili wakatia sahihi karatasi inayosema kwamba kitu kinarudishwa kwa sababu ya kasoro iliyofichika na bei imelipwa yote, ndipo vijana wakaipakia.