Kapsheni ya tangazo: emoji zikae wapi, mstari uvunjwe wapi

Mimi nakaa kitengo cha mawasiliano kwenye mamlaka ya maji, na kila tukikata maji kwa matengenezo kazi ya kuandika tangazo la Instagram inaniangukia mimi. Kuna moja tuliwahi kuposti hivi (majina ya mitaa nimebadilisha):

"Tunapenda kuwataarifu wateja wetu wote wapendwa kuwa kutokana na matengenezo ya bomba kuu 💧💧🔧🔧 siku ya Jumamosi huduma ya maji haitapatikana Majengo, Sokoni na Kilimani kuanzia 🕑 saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, tunaomba radhi kwa usumbufu 😭😭🙏🙏🙏"

Komenti zikajaa "kwani wapi?" na "saa ngapi?" wakati vyote vimeandikwa. Shida ni kwamba mtu akiwa anaskrol, Instagram inamuonyesha mwanzo tu wa kapsheni, kama herufi 125 hivi, mengine mpaka abonyeze. Sasa hesabu hapo juu, hizo herufi zinaliwa na wapendwa na bomba kuu, zinaishia karibu na "huduma ya maji", mtaa haujatajwa, saa haijatajwa. App inakuruhusu herufi 2,200 lakini nafasi ya kweli ni hiyo ya mwanzo, na salamu za kiofisi ndo zinaimaliza.

Tukaiandika upya:

Jumamosi hakuna maji Majengo, Sokoni na Kilimani, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.

Tunabadilisha kipande cha bomba kuu. Kinga maji Ijumaa usiku.

Maji yakirudi yanaweza kutoka na rangi, yaache yatiririke kidogo kabla ya kuchota.

Ukiona bomba linavuja tupigie, namba ipo kwenye bio 📞

Mstari tumeuvunja pale jambo linapobadilika: lini na wapi, kwa nini na ujiandae vipi, yakirudi ufanyeje, umpigie nani. Usivunje kila sentensi, kapsheni inakuwa ndefu kama risiti ya supamaketi halafu jicho halijui kipi kinaenda na kipi. Zamani app ilikuwa inameza mistari mitupu, hasa kama mwisho wa mstari kumebaki spesi, ndo maana watu wakazoea kuweka nukta peke yake kila mstari. Siku hizi enta mara mbili kwa kawaida inatosha, nukta hizo zitoe tu. Ila ukishaposti ifungue uiangalie, kama mistari imegandana edit hapohapo.

Emoji imebaki moja, ya simu, na imekaa mwisho wa mstari baada ya neno lake. Sababu ni watu wasioona, wanaotumia kisoma skrini, yaani TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye aifoni. Sauti inasoma jina la kila emoji kama neno, kwa hiyo tangazo letu la kwanza katikati ya sentensi linakuwa tone, tone, spana, spana, ndo lirudi kwenye siku ya Jumamosi, na mtu ameshapoteza sentensi ilikoanzia. Ikikaa mwisho inasikika mara moja na haikati kitu. Jaribu mwenyewe, washa TalkBack kwenye mipangilio ya simu uisikilize kapsheni yako, sisi tulicheka kwanza halafu tukaona aibu.

Ile ya saa ndo ilituumbua kabisa. 🕑 mishale yake inaonyesha saa nane yetu, siyo saa mbili, aliyeichagua aliona namba 2 akabonyeza. Ungesema basi tuweke 🕗, ambayo kwa mishale ndo saa 2 asubuhi, lakini kisoma skrini cha Kiingereza kitaitaja kama nane, na msikilizaji ameambiwa saa mbili na nane kwa pamoja. Kwa hiyo kwa Kiswahili saa iandike tu, kama "saa 2 asubuhi", emoji za saa achana nazo.

😭 nayo tuliitoa, vijana wengi wanaitumia kucheka, na mtu aliyebeba ndoo tangu alfajiri akiiona anajua anachekwa. 🙏 moja kwenye kuomba radhi sina ugomvi nayo, tatu ndo zinaonekana kama unabembeleza deni.

Siku hizi kabla ya kuposti namtumia rasimu mlinzi wetu wa getini kwa WhatsApp, simu yake ni ya zamani na emoji mpya mpya zinamtokea kama viboksi vitupu. Kikitokea kiboksi naitoa emoji, na namuuliza maji yanakatika wapi bila yeye kurudia kusoma. Juzi alinijibu "Sokoni, lakini mpaka saa ngapi?", nikarudi kuuweka muda mwanzoni mwa kapsheni.